Magunia 300 ya mchele mbele ya hakimu: kesi ya madai kutoka hati hadi hukumu

Mwanafunzi anayeingia mahakama ya wilaya kwa mara ya kwanza hutarajia mabishano makali. Anachokikuta saa 3 asubuhi ni karani akiita majina mlangoni, mawakili wawili wenye suti nyeusi wakisimama, hakimu akipitia jalada na kuandika mistari michache, kisha kesi inaahirishwa kwa wiki mbili. Akiuliza kulikoni, anajibiwa kwamba ilikuja kwa kutajwa tu. Anaondoka akiamini hakuna kilichofanyika siku ile.

Katika kesi ya madai, sehemu kubwa ya pambano hupiganwa kwenye karatasi, miezi kadhaa kabla shahidi wa kwanza hajashika msahafu au Biblia. Karatasi hizo ndizo zinazoamua nini kitabishaniwa, nani atabeba mzigo wa kuthibitisha, na hata kiasi cha juu ambacho mshindi anaweza kupewa. Asiyezisoma hawezi kuelewa kwa nini wakili anapinga swali fulani, wala kwa nini hakimu anamkatiza mama anayesimulia jambo la kweli kabisa lililomtokea.

Ili tuone zinavyofanya kazi, tufuate kesi moja ya kubuni katika mahakama za Tanzania Bara, ambako mashauri haya huendeshwa kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kyela alimuuzia mwenye ghala wa Dar es Salaam magunia 300 ya mchele, kila gunia shilingi 200,000. Mkataba wao wa maandishi ulisema mchele ufikishwe ghalani ukiwa mkavu, na malipo yakamilike ndani ya siku 30. Jumla ni shilingi milioni 60. Mnunuzi alitanguliza milioni 18. Mzigo ulifika, siku 30 zikapita, miezi ikapita, na milioni 42 hazikuonekana.

Swali la kwanza la wakili wa yule mama ni aende mahakama gani. Sheria inataka shauri lianzie mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka ya kulisikiliza. Deni la mkataba lisilozidi milioni 30 lingeweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, lakini milioni 42 zimevuka hapo, kwa hiyo linaangukia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Mahali pia pana kanuni yake: pale mdaiwa anapoishi au kufanya biashara, au pale chanzo cha mgogoro kilipotokea. Mdaiwa yuko Dar es Salaam na mzigo ulipokelewa huko, basi kesi inafunguliwa huko. Kisha kuna saa inayohesabu. Madai ya mkataba yana miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, na ukomo huo ukishapita mahakama itaitupa kesi hata kama deni ni la wazi kama mchana.

Hati ya madai ndiyo karatasi ya kwanza. Inataja mahakama, inamtaja mdai na mdaiwa pamoja na makazi yao, inaeleza nini kilitokea na lini, inaonyesha kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka, inataja thamani ya madai, na mwisho inaorodhesha nafuu zinazoombwa. Yote huandikwa kwa aya zenye namba, na namba hizo zina kazi, maana mdaiwa atatakiwa kujibu aya moja baada ya nyingine. Kinachowekwa humo ni mambo yenyewe yaliyotokea. Ushahidi wa kuyathibitisha unasubiri zamu yake. Aya ya 5 itasema, "Kwamba tarehe 3 Juni mdai alimfikishia mdaiwa magunia 300 ya mchele, na mdaiwa akayapokea." Haitasimulia nani alikuwepo, mvua ilinyesha saa ngapi, wala dereva alisema nini. Hayo ni ya mashahidi.

Chini kabisa pana uthibitisho, ambamo mdai anaeleza aya zipi anazijua mwenyewe na zipi amezipata kwa wengine, kisha anatia saini, tarehe na mahali. Wanafunzi wengi huuona kama pambo, lakini hati isiyo na uthibitisho sahihi inampa mpinzani nafasi ya kuishambulia kabla haijasomwa. Nakala za mkataba, hati ya kupokelea mzigo na barua ya kudai huambatanishwa. Siku hizi hati hupelekwa kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama, mfumo unatoa namba ya malipo, na ada ikishalipwa kesi inapewa namba.

Wakili wa yule mama aliomba milioni 42, riba na gharama za kesi. Kuna jambo moja aliliacha. Kwa kukosa pesa zile, mteja wake alichelewesha rejesho la mkopo na benki ikamtoza shilingi 1,800,000. Alimwambia wakili, lakini kwenye hati halikuingia. Tutaona lilivyomgharimu.

Mahakama ikishapokea hati inatoa wito, na mpeleka wito anaupeleka kwa mdaiwa pamoja na nakala ya hati ya madai. Akimpata, mdaiwa anasaini kwamba amepokea. Akimkwepa, mpeleka wito anaapa kiapo kueleza alikwenda lini na nini kilitokea, na mahakama inaweza kuamuru wito ubandikwe mlangoni au utangazwe gazetini. Tangu siku ya kupokea, mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita kimya, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Hata hapo mdai hapewi ushindi wa bure: analeta ushahidi wake mbele ya hakimu, ila hakuna wa kumpinga. Watu wengi hupoteza nyumba na magari katika hatua hii kwa sababu tu walidhani wito ni barua ya kutisha na wakauweka kabatini. Mlango wa kuomba muda zaidi, au baadaye kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe, upo, lakini ni mwembamba na hufunguliwa kwa anayetoa sababu ya msingi.

Mwenye ghala wetu alijibu kwa wakati. Utetezi una sheria moja kubwa ambayo mwanafunzi anapaswa kuishika kabla ya nyingine zote: jambo lisilokanushwa waziwazi huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Kuandika "mdaiwa anakanusha madai yote" hakusaidii. Lazima ajibu kila aya, na anapokanusha aseme ukweli anaoujua yeye ni upi. Kwa hiyo utetezi wake ulikubali mkataba, ukakubali bei, ukakubali kwamba lori lilifika. Kisha ukasema mambo mawili: magunia 60 yaliloa na hayakuuzika, kwa hiyo milioni 12 hazidaiwi, na milioni 10 alimkabidhi dereva wa lori taslimu ili ampelekee mdai. Angependa, angeweza pia kuleta madai kinzani kwa hasara ya wateja waliomkimbia, na hayo yangesikilizwa ndani ya kesi hiyohiyo. Hakufanya hivyo.

Sasa chukua kalamu upige hesabu ambayo wakili makini hupiga papo hapo. Deni ni milioni 42. Mdaiwa anabisha milioni 12 na milioni 10. Zilizobaki, milioni 20, hajazigusa popote katika utetezi wake. Amezikubali. Sheria inamruhusu mdai kuomba hukumu ya kukiri kwa sehemu hiyo mara moja, bila kusubiri shahidi hata mmoja, na kesi ikaendelea kwa milioni 22 zinazobishaniwa. Wakili wa mama aliomba, mahakama ikakubali, na milioni 20 zikalipwa. Kama kuna aliyekuwa ameketi ukumbini asubuhi hiyo, aliona mawakili wamesimama dakika chache na hakimu ameandika. Karibu nusu ya deni iliamuliwa mbele ya macho yake.

Pamoja na utetezi, wakili wa mdaiwa aliwasilisha pingamizi la awali lenye hoja mbili. Ya kwanza ilisema uthibitisho kwenye hati ya madai haukubainisha aya zipi mdai alizipata kwa wengine. Ya pili ilisema mdai hastahili kitu kwa kuwa mchele ulikuwa umeloa. Kipimo cha pingamizi la awali katika Afrika Mashariki kiliwekwa mwaka 1969 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Mukisa Biscuit, na mawakili wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaendelea kuitaja hadi leo. Pingamizi lazima liwe hoja tupu ya sheria, inayoweza kuamuliwa hata tukichukulia kwamba kila alichosema upande wa pili ni kweli. Hoja ya uthibitisho inapita kipimo hicho, kwani hakimu anatazama karatasi tu. Hoja ya kuloa haipiti, kwa sababu inadai mashahidi. Hakimu aliikataa ya pili, akaikubali ya kwanza, na kwa kuwa kasoro ilikuwa ya kurekebishika akaruhusu hati irekebishwe. Hapo ndipo wakili wa mama angeweza kuomba pia kuiingiza ile 1,800,000 ya benki. Hakuikumbuka.

Karatasi zikishakamilika, kesi haiendi moja kwa moja kwa mashahidi. Hakimu hukaa na pande zote kupanga ratiba, kisha shauri hupelekwa kwenye usuluhishi, wenye ukomo wa siku 30. Msuluhishi huwa mtu mwingine, si yule hakimu atakayesikiliza kesi. Utengano huo una sababu nzito. Katika chumba cha usuluhishi watu huzungumza kwa uwazi, na yanayosemwa humo hayaruhusiwi kutumiwa baadaye kama ushahidi. Mwenye ghala alisema yuko tayari kuongeza milioni 12 yaishe. Mama alitaka milioni 18. Hawakukutana. Wangekutana, makubaliano yao yangeandikwa, yangesajiliwa na mahakama, na yangekuwa na nguvu ileile ya hukumu. Kwa kushindwa kwao jalada lilirudi kwa hakimu wa kesi, na hakimu huyo hajui, wala hatakiwi kujua, nani alitaja milioni ngapi.

Kabla ya kusikiliza, hakimu anaandika viini vya shauri, yaani maswali ambayo hukumu itayajibu. Huyapata kwa kuweka hati ya madai na utetezi ubavu kwa ubavu na kuona wapi zinagongana. Pale zinapokubaliana hakuna kiini. Katika kesi yetu vilitoka vitatu: je, magunia 60 yalifikishwa yakiwa yameloa? Je, mdaiwa alimlipa mdai milioni 10 kupitia dereva? Je, pande zinastahili nafuu gani? Ningemshauri mwanafunzi yeyote anayekwenda kutazama kesi ajue kwanza viini vyake, hata kwa kumuuliza wakili koridoni. Viini ni boma. Yaliyo nje yake hayaliwi na ng'ombe wa ndani. Shahidi akianza kueleza jinsi mdaiwa alivyowadhulumu wauzaji wengine wa Kyela, wakili wa upande wa pili atasimama, na hakimu atamkatiza shahidi. Habari yenyewe huenda ikawa kweli, lakini haijibu swali lolote kati ya matatu.

Siku ya kusikilizwa ina mwendo wa pole unaowashangaza wageni. Ushahidi lazima uandikwe, na katika mahakama nyingi anayeuandika ni hakimu mwenyewe, kwa hiyo shahidi anaambiwa azungumze taratibu, asimame, asubiri kalamu imfikie. Tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji, na jambo hilo limempunguzia shahidi wa kawaida mzigo wa kusikia maneno yake yakirudi kwa lugha nyingine. Mdai huanza. Mashahidi wengine hukaa nje wasije wakaazima maneno ya aliyetangulia. Shahidi anaapa kwa imani yake au anathibitisha, kisha anaongozwa na wakili wake kwa maswali yasiyomwekea jibu mdomoni. Wakili wa upande wa pili anamdodosa, na huyu ana ruhusa ya kumsukuma. Mwisho wakili wake anarudi kufafanua yaliyojitokeza kwenye dodoso, bila kuanzisha hadithi mpya.

Mama alitoa ushahidi kama SM1. Hapa kuna kosa ambalo hugharimu kesi nyingi: nyaraka zilizoambatanishwa kwenye hati ya madai bado si ushahidi. Lazima shahidi anayestahili azitoe, upande wa pili uulizwe kama una pingamizi, hakimu azipokee, azipe namba ya kielelezo na kuandika juu yake namba ya kesi, nani aliyezitoa, tarehe, na saini. Mkataba ukawa kielelezo P1 na hati ya kupokelea mzigo P2. Angeusahau mkataba kwenye mkoba wa wakili, hakimu asingeweza kuutegemea ingawa nakala yake imo kwenye jalada tangu siku ya kwanza.

Mama pia alileta ujumbe wa simu kutoka kwa mdaiwa: "Mzigo umefika salama, ahsante." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, lakini mahakama hutaka kujua ujumbe ulitunzwa katika simu ipi, nani aliuchapisha na kwa njia gani, ili ijiridhishe kwamba haukuchezewa. Ulipokelewa. Ukumbini ilionekana kesi imekwisha. Kisha wakili wa mdaiwa akamwomba SM1 asome saa ya ujumbe. Ilikuwa saa 12:40 asubuhi. Akamwomba asome kielelezo chake mwenyewe, P2, mahali palipoandikwa muda wa kumaliza kushusha. Saa 6:15 mchana. Mdaiwa alikuwa ameshukuru kwa lori lililofika, kabla turubai halijafunguliwa. Dodoso halikuongeza shahidi wala karatasi mpya, ila lilibadilisha uzito wa ujumbe ule.

Mdaiwa alifuata. Alieleza mwenyewe, kisha akamwita mtunza ghala wake, aliyeonyesha mwandiko wake chini ya P2: "Magunia 25 yameloa," na pembeni saini ya dereva. Alipododoswa kuhusu yale 35 mengine, alisema yaligundulika baadaye, siku ambayo haikumbuki, na hakuna alipoandika. Kuhusu milioni 10, mdaiwa alisema alimpa dereva mkononi, bila risiti. Dereva hakuitwa na upande wowote.

Kesi ikiishia hapo mawakili huwasilisha hoja zao za mwisho, mara nyingi kwa maandishi, na hakimu anapanga tarehe ya hukumu. Ikitokea hakimu aliyesikiliza mashahidi amehamishwa katikati, anayepokea jalada anapaswa kuandika sababu ya mabadiliko hayo. Zipo hukumu zilizofutwa kwenye rufaa kwa sababu hilo halikufanyika, na watu wakarudi mwanzo baada ya miaka.

Hukumu nzuri ina mifupa minne ambayo sheria yenyewe inaitaja: muhtasari wa kesi, viini vya kuamuliwa, uamuzi juu ya kila kiini, na sababu zake. Sababu ndizo zinazompa aliyeshindwa kitu cha kupinga. Kipimo katika madai ni upande upi ushahidi wake una uzito zaidi. Kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi ni kwa kesi za jinai. Na anayedai jambo fulani ndiye anayelithibitisha, awe mdai au mdaiwa.

Hakimu alianza na magunia. Mkataba ulitaka mchele mkavu, na mwandiko ulio juu ya kielelezo cha mdai mwenyewe, wenye saini ya dereva aliyeleta mzigo, ulithibitisha 25. Yale 35 yalibaki maneno matupu. Kwa hiyo mdaiwa alipunguziwa milioni 5 badala ya 12. Kwenye milioni 10, anayesema amelipa ndiye anayetakiwa kuonyesha malipo. Hapakuwa na risiti, hapakuwa na ushahidi kwamba dereva alipewa ruhusa ya kupokea pesa, na mtu pekee ambaye angeweza kuunga mkono simulizi hiyo hakuletwa. Mahakama za Tanzania zimekuwa zikisema kwamba upande unaoacha kumwita shahidi muhimu bila sababu unaweza kuchukuliwa kuwa ulihofia atakachosema. Kiini cha pili kikajibiwa hapana.

Kati ya milioni 22 zilizobishaniwa, mama alipewa 17. Alipodokeza kuhusu zile 1,800,000 alizotozwa na benki, hakimu aliandika sentensi moja tu: hasara mahususi lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu, na hii haikutajwa. Barua ya benki alikuwa nayo mkononi. Riba baada ya hukumu, pale pande zilipokuwa hazijaandikiana kiwango kingine, ni asilimia 7 kwa mwaka, ambayo kwa milioni 17 ni shilingi 1,190,000 kila mwaka ambao mdaiwa atachelewa. Gharama za kesi alipewa mdai, zikokotolewe baadaye.

Hukumu ikishasomwa mbele ya watu, inatolewa tuzo, karatasi fupi inayotaja nani alipe nini kwa nani. Tuzo ndiyo inayokaziwa, kwa hiyo lazima ilingane na hukumu hadi tarakimu ya mwisho, na mawakili huikagua kabla ya kutoka masjala. Mwenye ghala, kama hakuridhika na hesabu ya magunia, ana siku 90 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na jambo la kwanza analopaswa kufanya ni kuandika barua kuomba nakala ya hukumu, tuzo na mwenendo wa shauri. Mama wa Kyela, kwa upande wake, anaomba nakala ya tuzo ili aanze kuikazia.